Sura ya kichocho kwenye karatasi moja

Mwangaluka wote. Walimu wenzangu, wazazi, na ninyi vijana mnaowafundisha wadogo zenu jioni kule Igogo, Kirumba na Nyegezi, nimeombwa nizungumzie kazi moja tu: kuichukua sura ya kitabu na kuifanya notisi za marudio, kisha notisi hizo kuzifanya karatasi moja ya kumbukumbu. Wengi huona hiyo ni kazi ileile inayofanywa mara mbili, yaani unapunguza halafu unapunguza tena. Sivyo. Notisi humwezesha mwanafunzi kuelewa hata kitabu kikiwa hakipo. Karatasi ya kumbukumbu haimwelezi chochote, humgutusha tu kwa alichokwisha kukielewa. Ukizichanganya kazi hizo unapata kitu cha katikati, kurasa mbili zenye maandishi madogo kama sisimizi, fupi mno kueleweka na ndefu mno kukaririka.

Nitakwenda na sura moja mwanzo hadi mwisho: sura ya kichocho. Kwa watu wa kando ya ziwa ugonjwa huu hauhitaji utambulisho. Tuseme sura ina kurasa 12 za kitabu cha biolojia, yapata maneno 3,600. Notisi zake zitaenea kurasa tatu za daftari, maneno 600 hadi 700. Karatasi ya kumbukumbu itakuwa upande mmoja wa A4, wenye mchoro mmoja, jedwali dogo moja na maneno yasiyozidi 80. Vipimo hivi si msahafu, lakini ukiona notisi zako zimefika kurasa saba, ujue umenakili kitabu.

Kazi inaanzia mwisho wa sura, kwenye maswali. Yasome kabla ya kusoma sura yenyewe, pamoja na maswali ya mitihani iliyopita, na uangalie kitenzi cha kila swali: taja, eleza, tofautisha, chora. Kwa kichocho utaona yanajirudia manne. Chora mzunguko wa maisha ya mnyoo. Tofautisha aina mbili za kichocho. Eleza dalili. Eleza njia za kuzuia. Yaandike kwenye kipande cha karatasi, ukiweke kando ya kitabu. Hicho ndicho chekeche chako. Kitabu kitakuambia kwamba daktari Mjerumani, Theodor Bilharz, aliwaona minyoo hawa mjini Kairo mwaka 1851. Habari nzuri, lakini kwenye chekeche chetu inapita, iache. Kitabu kitasema dawa ya prazikwanteli hutolewa miligramu 40 kwa kila kilo ya uzito wa mgonjwa. Kwa mwanafunzi wa kidato cha pili na hiyo inapita. Angekuwa mwanafunzi wa uuguzi, kipimo hicho kingebaki, na Bilharz angepita vilevile. Kwa hiyo huwezi kuandaa notisi za "mwanafunzi" tu. Lazima ujue ni mwanafunzi gani na anaulizwa nini.

Kisha soma sura yote mara moja bila kalamu mkononi. Najua hili linawaudhi wenye haraka. Lakini anayesoma mara ya kwanza akiwa na kalamu ya njano huona kila sentensi ni muhimu, kwa kuwa kila sentensi ni mpya kwake. Mwisho wa siku ukurasa mzima una rangi, na rangi hiyo haijamchagulia kitu. Usomaji wa pili ndio wa penseli, na hapo ndipo ukataji unapoanza. Tuukate pamoja. Chukua aya kama hii, ambayo utaikuta kwa maneno haya au mengine katika sura yoyote ya kichocho:

"Mayai ya minyoo hutoka mwilini kwa njia ya kinyesi au mkojo wa mtu aliyeambukizwa. Yakifika kwenye maji baridi huanguliwa na kutoa viluwiluwi waitwao mirasidi, ambao huogelea wakitafuta konokono wa aina inayofaa. Wasipompata ndani ya saa chache hufa. Ndani ya konokono huzaliana bila kujamiiana, na baada ya wiki kadhaa konokono huanza kutoa viluwiluwi wa aina nyingine, sekaria, wenye mkia wenye panda. Sekaria hupenya ngozi ya mtu aliyeingia majini. Wasipompata mtu, hufa ndani ya siku moja hadi mbili."

Kwenye daftari aya hiyo inakuwa hivi:

"Yai hutoka na kinyesi au mkojo. Likifika kwenye maji yasiyo na chumvi, hutoka mirasidi. Mirasidi humtafuta konokono. Asipompata, hufa baada ya saa chache. Ndani ya konokono: huongezeka idadi. Baada ya wiki kadhaa hutoka sekaria, mkia wenye panda. Sekaria hupenya ngozi. Asipompata mtu, hufa baada ya siku 1–2."

Tazameni nilichofanya kwenye maneno mawili. Kitabu kimeandika "maji baridi", na kwa lugha ya biolojia na jiografia hayo ni maji yasiyo na chumvi, kama ya ziwa na mto. Ndani ya sura mwanafunzi atalielewa neno hilo, kwa sababu ukurasa mzima unalizunguka. Likibaki peke yake kwenye notisi, baada ya wiki mbili atalisoma kama maji ya mtungini, na kwenye mtihani ataandika kwamba mayai hayaanguliwi kwenye maji ya uvuguvugu. Kosa hili halitokani na uvivu wake. Limetoka kwa aliyefupisha, maana kufupisha huliondolea neno jirani zake. Kwa hiyo kila neno lenye maana mbili huongezwa urefu kwenye notisi, hata kama kazi yako ni kupunguza.

Kosa la pili ni kukata neno dogo ambalo ndilo linalobeba sentensi. Kitabu kinasema prazikwanteli huua minyoo wakubwa, na haifanyi kazi vizuri kwa wachanga. Mwenye haraka huandika "dawa huua minyoo". Limepungua neno moja tu, na swali zima limepotea pamoja nalo: kwa nini mtu aliyemeza dawa bado anaweza kuonekana na mayai baada ya wiki chache? Mwenye neno "wakubwa" anajibu kwamba waliokuwa wachanga siku ya kumeza dawa wamekomaa na kuanza kutaga, au mtu ameambukizwa upya kwa sababu amerudi majini, na dawa hii haikingi. Asiye nalo anakodoa macho. Kabla ya kufuta neno jaribu kuisoma sentensi bila hilo neno na ujiulize kama bado ni kweli. Maneno kama "wakubwa", "baadhi", "hai", "kwa kawaida" na "isipokuwa" ni mafupi na hufutika kirahisi, ndiyo maana yanahitaji ulinzi.

Sasa tufike kwenye dalili, ambako ndiko faida kubwa iliko. Kitabu kitakupa orodha: maumivu ya tumbo, kuhara damu, kuvimba ini na wengu, damu kwenye mkojo, maumivu wakati wa kukojoa, kuwashwa ngozi. Mwanafunzi hukariri sita, kesho hutaja nne. Ukisoma vizuri utaona sehemu kubwa ya orodha hiyo ni matawi ya shina moja. Minyoo wakubwa huishi kwenye mishipa ya damu, aina moja karibu na utumbo, nyingine karibu na kibofu. Hutaga mayai. Baadhi hutoka nje, mengine hunasa kwenye nyama za mwili, na mwili huyashambulia mpaka penye yai panabaki kovu. Madhara makubwa yanatokana na mayai yaliyonasa, wala si mnyoo mwenyewe kung'ata. Basi kwenye notisi usiandike orodha, andika shina: "Mayai yanayonasa huleta uvimbe na makovu pale yaliponasa." Chini yake: "Aina ya utumbo: hunasa kwenye utumbo na ini. Aina ya kibofu: hunasa kwenye kibofu na njia ya mkojo." Mwanafunzi akishajua yai limenasa wapi, dalili anaziokota mwenyewe. Kovu la kibofu huleta damu kwenye mkojo, hakuna la kukariri hapo.

Dalili moja inakataa kuingia: kuwashwa ngozi. Hiyo huja mapema, sekaria anapopenya, kabla mnyoo hajakomaa wala kutaga. Usilazimishe shina lako libebe kila kitu. Iandike peke yake kwenye mstari wake, "mapema, kutokana na sekaria, si mayai". Katika kila sura kuna kitu kimoja au viwili vya namna hii, na watunga mitihani huvipenda sana.

Upande wa kuzuia ni vilevile. Kitabu kimeipa kinga kurasa mbili. Lakini ukiutazama mzunguko, kila njia ya kuzuia ni mahali unapoukata mshale mmoja. Choo huzuia mayai yasifike majini. Kuua konokono huwanyima mirasidi makao. Kutoingia majini, au kuyachemsha maji ya kuoga, au kuyahifadhi siku mbili kwenye chombo kabla ya kuyatumia, humkata sekaria. Dawa humuua mnyoo mkubwa ndani ya mtu, naye hatagi tena. Kurasa mbili zimekuwa mikato minne juu ya mchoro ambao mwanafunzi anao tayari. Na zile siku mbili za kuhifadhi maji hazitaki kukaririwa upya, ni maisha ya sekaria yaleyale tuliyoyaandika juu.

Kuhusu sura ya daftari, nitasema kwa ufupi. Piga mstari wima, robo moja ya ukurasa kushoto na robo tatu kulia. Kulia andika maelezo, kushoto andika swali linalojibiwa na maelezo hayo: "Sekaria anaishi muda gani?", "Kwa nini ini?" Mfumo huu wa safu mbili ulienezwa na Walter Pauk wa Chuo Kikuu cha Cornell, Marekani. Uzuri wake ni kwamba unakunja ukurasa, upande wa kulia unafichika, na mwanafunzi anajiuliza mwenyewe. Kama mtihani wake ni wa Kiingereza, majina na istilahi za safu ya kulia ziwe zile za mtihani, zikiandikwa kwa tahajia kamili. Maelezo yanaweza kuwa ya Kiswahili akiyaelewa vizuri zaidi hivyo. Kuzijaribu notisi, mpe mwanafunzi ambaye hajasoma sura hiyo, umwambie akueleze mzunguko. Pale atakapokwama ndipo ulipokata kupita kiasi.

Mpaka hapa mwalimu au kaka mtu ndiye aliyeshika kalamu, na hakuna ubaya. Karatasi ya kumbukumbu ni habari nyingine, na mimi kwa hili sina simile: lazima aiandike mwanafunzi mwenyewe. Karatasi ya kutoa kopi, ileile kwa darasa la watu 60, ni bango tu, kwa sababu kila mtu husahau mahali pake.

Anaiandika hivi. Asome notisi siku ya kwanza, kisha azifungie kwa siku mbili. Siku ya tatu achukue karatasi tupu, na bila kufungua chochote achore mzunguko na kuandika kila anachokumbuka, kwa dakika 15. Atakasirika, atasema hakumbuki, lakini akae hapo hapo. Mwaka 2006 watafiti wawili wa Marekani, Roediger na Karpicke, waliwapa wanafunzi vifungu vya kusoma. Baadhi walirudia kusoma, wengine walifunga na kuandika walichokumbuka. Walipopimwa baada ya dakika tano, waliorudia kusoma walifanya vizuri zaidi. Walipopimwa baada ya wiki moja, walioandika kwa kukumbuka ndio waliokuwa mbele. Yule anayejiona anajua kwa sababu ametoka kusoma sasa hivi anadanganywa na zile dakika tano.

Dakika 15 zikiisha, afungue notisi na asahihishe kwa rangi nyingine. Alichoandika sawasawa bila kusita hakiingii kwenye karatasi ya kumbukumbu, isipokuwa kama ni mfupa unaoshikilia mengine. Alichosahau au kukigeuza ndicho kinachoingia. Kwa maneno mengine, kipimo kimebadilika. Kwenye notisi tuliuliza asichoweza kukijenga mwenyewe ni kipi. Hapa tunauliza kinachomtoka ni kipi.

Karatasi yenyewe inaonekana hivi. Iwekwe kwa upana. Kushoto, theluthi mbili za karatasi, kuna duara la mishale. Juu kabisa MTU, kulia "mirasidi, saa", chini KONOKONO, kushoto "sekaria, siku 1–2". Juu ya mishale kuna mikato minne, kila mmoja na neno lake: choo, konokono, maji, dawa. Kando ya "dawa" neno "wakubwa" limepigiwa mstari. Chini ya MTU kuna kisanduku kidogo: "yai likinasa = kovu". Pembeni yake, nje ya kisanduku, "kuwashwa: sekaria". Basi, hakuna sentensi hata moja kwenye upande huo.

Kulia kuna jedwali la aina mbili, kwa kuwa swali la kutofautisha ndilo linalovuruga vichwa. Mansoni upande mmoja, hematobiamu upande wa pili. Mistari minne: anapokaa, mayai hutokea wapi, mwiba wa yai uko wapi, konokono yupi. Mansoni hukaa kwenye mishipa ya utumbo, mayai hutoka na kinyesi, mwiba wa yai uko ubavuni. Hematobiamu hukaa kwenye mishipa ya kibofu, mayai hutoka na mkojo, mwiba uko nchani. Hapa majina yamebuniwa na wenye kutoa majina, hayana shina la kuyajenga, kwa hiyo kifimbo cha kumbukumbu kinaruhusiwa. M ya mansoni ni ya Matumbo. H ya hematobiamu ni ya Haja ndogo. Aandike "haja ndogo" yote, maana akiandika "haja" peke yake, siku ya mtihani inaweza kumgeukia ikawa haja kubwa, na jedwali lote likapinduka.

Kifimbo kibaya ni kile kinachofaa pande zote mbili. Konokono wa mansoni ni biomfalaria, wa hematobiamu ni bulinasi. Nimewahi kusikia ikifundishwa "B ya kibofu, B ya bulinasi", jambo ambalo lingependeza kama biomfalaria naye asingeanza na B. Hapa herufi hazisaidii, tumia umbo. Gamba la biomfalaria ni bapa, limejiviringa kama kamba iliyolazwa chini na mvuvi. La bulinasi limepanda juu na kuchongoka. Michoro miwili ya ukubwa wa ukucha kwenye jedwali inatosha. Mtu wa Mwanza ana na kigingi kingine cha kuning'iniza: huku kandokando ya ziwa kinachotawala ni kichocho cha utumbo, na cha mkojo hupatikana zaidi bara, kwenye madimbwi, malambo na mashamba ya mpunga. Mtoto wa Ukerewe na mtoto wa Kwimba wanaweza kuanza jedwali hilo kila mmoja kutokea kwake.

Kitu cha kuangalia ni herufi kupungua ukubwa. Mwanafunzi akianza kubana maandishi ili yatoshe, mzuie. Karatasi imejaa kwa sababu kuna kitu hajakielewa na anataka kukibeba kizima kizima. Arudi kwenye notisi kwa kitu hicho, na kwenye karatasi aweke neno moja. Dalili nyingine ya ugonjwa ni karatasi isiyo na mishale, yenye orodha tupu. Huyo amekariri majina bila njia, na ukimuuliza nini kitatokea kijiji kizima kikichimba vyoo lakini konokono wabaki, hatajibu, ilhali jibu liko kwenye duara lake.

Iandikwe kwa penseli. Ni kwa sababu haitakiwi ikae ilivyo. Kesho yake aigeuze kifudifudi, achukue karatasi tupu, aichore upya kwa dakika sita. Arudie baada ya siku tatu, kisha baada ya wiki. Kila neno aliloliweka sawa mara tatu mfululizo alifute na raba kwenye karatasi ya asili. Lile lililokosewa abaki nalo, na alikoleze. Na jamani, siku ya mtihani karatasi ibaki nyumbani. Ikikutwa mfukoni itaitwa nondo, na hakuna msimamizi atakayesikiliza maelezo ya duara na mishale.

Kadiri wiki zinavyokwenda karatasi inazidi kuwa nyeupe. "Mirasidi" hufutika mapema, "choo" na "dawa" hazichukui muda, "wakubwa" hukawia kidogo. Mara nyingi kinachobaki hadi usiku wa mwisho ni yale majina mawili ya konokono yanayoanza na herufi moja, na pembeni yake kijichoro cha kamba iliyolazwa chini.